Kuchagua memori kadi ya kurekodi video, na namna ya kuibana iseme ukubwa wake wa kweli

Wengi wanaokuja kununua memori kadi huuliza mambo mawili: ni ya GB ngapi, na ni shilingi ngapi. Kwa anayetaka kuwekea nyimbo, hayo yanatosha. Kwa anayerekodi video, iwe harusi, mahubiri au mahojiano, yamebaki maswali mazito zaidi. Je, kadi hii inaandika kwa kasi gani bila kushuka, tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho? Na hizo GB zilizochapishwa usoni mwake zipo kweli?

Nitafuata mfano mmoja mpaka mwisho: mpiga video mwenye kamera inayorekodi 4K, anayetafuta kadi ya GB 128 kwa kazi za harusi. Mwenye simu ya kawaida naye atapata chake humo humo.

Anza na kamera kabla hujaenda dukani

Fungua menyu ya kamera, sehemu ya ubora wa video, utafute namba kama 100M, 60M au 100 Mbps. Hicho ndicho kiasi cha data ambacho kamera inamwaga kila sekunde. Angalia herufi kwa makini: kamera huandika kwa b ndogo, yaani megabiti, na kadi huandika kwa B kubwa, yaani megabaiti. Megabaiti moja ina megabiti nane, kwa hiyo gawanya namba ya kamera kwa 8. Kamera yetu ya 100 Mbps inahitaji MB 12.5 kila sekunde. Ishike namba hiyo, maana ndiyo itakayochagua kadi.

Namba hiyo hiyo inakupa ujazo. MB 12.5 mara sekunde 3,600 ni MB 45,000, yaani saa moja ya kurekodi inakula GB 45. Kadi ya GB 64 itakupa karibu saa moja na dakika 25, na ya GB 128 karibu saa mbili na dakika 50. Kwa kulinganisha, simu inayorekodi Full HD kwa 17 Mbps inatumia kama MB 2 kwa sekunde, sawa na GB 7 na kitu kwa saa. Mwenye simu hiyo hana sababu ya kulipia kadi ya bei ya juu.

Kisha hakikisha kamera au simu inakubali ujazo unaoutaka. Kadi zenye maandishi SDHC zinaishia GB 32. Zinazozidi hapo ni SDXC, ambazo kwa kawaida huja zimefomatiwa kwa mfumo wa faili uitwao exFAT. Kifaa cha zamani kilichotengenezwa kwa ajili ya SDHC kinaweza kukataa kadi ya GB 64, au kikasema kila mara kwamba kadi imeharibika, wakati kadi ni nzima. Kitabu cha kifaa kitakuambia mwisho wake.

Kwa kazi ya harusi mimi nashauri kadi mbili za GB 64 kuliko moja ya GB 128. Ukibadilisha kadi kabla ya kwenda ukumbini, ile iliyobeba ndoa yenyewe iko mfukoni, salama. Kadi moja ikifa usiku ule, hujapoteza siku nzima ya watu. Na sherehe haiwezi kurudiwa.

Kusoma alama zilizo usoni mwa kadi

Namba kubwa inayovutia macho, mathalani 100MB/s, karibu kila mara ni kasi ya juu kabisa ya kusoma. Inakuambia utahamisha picha kwenda kwenye kompyuta kwa haraka kiasi gani. Kamera inaporekodi haisomi, inaandika, na kuandika kwa kawaida ni polepole kuliko kusoma. Tena ukiona namba kama 170 au 200 kwenye kadi yenye alama ya I ya Kirumi, ujue njia ya kawaida ya kadi za aina hiyo inaishia MB 104 kwa sekunde. Kuvuka hapo kunahitaji kadi rida, yaani kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta, inayoijua mbinu ya mtengenezaji yule, na kamera yako huenda haiijui.

Kinachokuhusu ni alama ndogo ndogo. Zote zinasema jambo moja: kiwango cha chini cha kuandika ambacho kadi imeahidi kutoshuka chini yake. Herufi C yenye 10 ndani yake ni MB 10 kwa sekunde. Herufi U yenye 1 ndani yake ni MB 10 hizo hizo, na U yenye 3 ni MB 30. Alama za V hazifichi kitu: V10 ni 10, V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Ndiyo maana kadi moja inaweza kubeba alama tatu kwa pamoja: C10, U3 na V30. Wewe shika yenye ahadi kubwa.

Sasa turudi kwenye MB 12.5 za kamera yetu. Maneno "Class 10", yaani ile C10, yanasikika kama daraja la juu kabisa, na wauzaji wengi wanayatamka hivyo. Lakini ahadi yake ni MB 10, na kamera inadai 12.5. Kadi ya Class 10 peke yake inaweza kuanza vizuri, kamera ikalundika data kwenye hifadhi yake ya muda, kisha baada ya dakika kadhaa ikasimama yenyewe na kuandika kwamba kadi ina kasi ndogo. Fundi akiletewa kamera hiyo ataitafutia ubovu ambao haupo. Kwa kazi hii nunua V30, au U3 kama V haipo. V60 na V90 ni za kamera zinazomwaga data nyingi mara kadhaa kuliko hii. Kadi hizo huwa na safu ya pili ya vidoti vya shaba mgongoni, na kamera isiyo na safu hiyo itazitumia kwa kasi ya kawaida tu, hela imeliwa bure.

Kuna pia A1 na A2. Hizo ni za simu, kwa anayetaka kuweka programu ndani ya kadi, kwa sababu programu husoma na kuandika vipande vidogo vidogo huku na kule. Kwa video hazina uzito.

GB 128 inaposoma 119

Kabla ya kumwita muuzaji mwizi, fanya hesabu hii. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824, lakini inaandika GB vile vile. Baiti bilioni 128 ukizigawa kwa namba hiyo unapata 119.2. Kwa hesabu hiyo hiyo GB 64 inaonekana 59.6 na GB 32 inaonekana 29.8. Upungufu kidogo chini ya hapo ni wa kawaida, maana mfumo wa faili nao unahitaji nafasi yake. Hujaibiwa.

Wizi wenyewe hauonekani hapo kabisa. Kadi feki ya GB 128 nayo itasoma 119, tena bila wasiwasi.

Namna kadi inavyodanganya

Ndani ya memori kadi kuna vitu viwili: chipu ya kumbukumbu inayotunza data, na kompyuta ndogo sana inayoitwa kidhibiti. Simu haifiki kwenye chipu moja kwa moja. Inakiuliza kidhibiti "una nafasi kiasi gani?" na kidhibiti kinajibu kilichoandikwa kwenye programu yake. Simu haipimi, inaamini. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini Hamburg, mhandisi Andrew Huang, maarufu kama bunnie, pamoja na mwenzake walionyesha kwamba programu ya vidhibiti hivi inaweza kubadilishwa na mtu wa nje. Anayetengeneza kadi feki anafanya hivyo hivyo: anachukua kadi yenye chipu ya GB 8, anabadilisha jibu liwe GB 128, anachapisha lebo, anaiweka kwenye pakiti nzuri.

Tazama inavyokuwa ndani ya kamera yetu. Kwa MB 12.5 kila sekunde, GB 8 za kweli zinajaa kwa sekunde 640, yaani dakika kumi na kidogo. Hadi hapo video ni safi, na ndiyo sababu ukiijaribu kwa klipu ya dakika mbili mbele ya muuzaji utaondoka umeridhika. Baada ya hapo kidhibiti kinaendelea kupokea data na kujibu kwamba imeandikwa. Kwenye kadi za aina moja data hiyo inatupwa tu, haiandikwi popote. Kwenye aina nyingine inarudi mwanzo na kuandikwa juu ya video ya kwanza. Kamera haijui lolote kati ya hayo. Dakika zinahesabika, nafasi iliyobaki inapungua, taa nyekundu inawaka.

Nyumbani unafungua kadi. Majina ya faili yote yapo, na ukubwa wa kila faili umeandikwa sawasawa, kwa sababu orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu iliyo ya kweli. Lakini faili zinakataa kufunguka. Kwa picha utaona nusu ya juu ina watu na nusu ya chini ni rangi ya kijivu, au kijipicha kinaonekana na picha yenyewe haipo. Watu wengi wakifika hapo wanadhani ni virusi, wanapeleka kadi kwa fundi airejeshe. Iliyotupwa haikuwahi kuandikwa, kwa hiyo hakuna programu ya kuirejesha. Fundi anayekuahidi kuirudisha yote anakula hela yako.

Dalili za nje zinasaidia kidogo tu. Bei ndiyo ya kwanza: kadi ya GB 256 inayouzwa kwa bei ya GB 32 ya duka la jirani haina GB 256. Chapa iliyofifia, lebo isiyo na alama yoyote ya kasi, au alama zinazopingana, kama SDHC kwenye kadi ya GB 128, ni sababu ya kuirudisha mezani. Lakini pakiti nazo zinaigizwa vizuri siku hizi. Hukumu ya kweli inatolewa na kipimo.

Kupima kabla ya kuweka chochote

Kanuni ya kipimo ni nyepesi: ijaze kadi yote kwa data unayoijua, kisha uisome yote na kulinganisha. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji kwamba utaipima na ikishindwa utairudisha, na uombe risiti. Jibu lake pekee linaweza kukumalizia kazi.

Kwenye Windows tumia programu ya bure iitwayo H2testw. Haihitaji kusakinishwa. Weka kadi ikiwa tupu, fungua programu, chagua Kiingereza, bonyeza `Select target` uchague kadi, acha `all available space`, kisha `Write + Verify`. Usipime sehemu tu ya kadi ili kuokoa muda, maana uongo hukaa mwishoni. Kwa kadi rida ya USB 2.0, GB 128 inaweza kuchukua karibu saa tatu. Iache ifanye kazi yake usiku, laptopu ikiwa kwenye chaja na imezuiwa isilale.

Kadi ya kweli inamaliza kwa `Test finished without errors`. Ile feki ya mfano wetu ingetoa kitu cha namna hii:

```
The media is likely to be defective.
7.4 GByte OK
111.7 GByte DATA LOST
```

Mstari wa pili ndio ukubwa wa kweli wa kadi. Chini yake kuna maelezo. Ukiona kiasi kikubwa kwenye `overwritten`, kadi ni ya aina ile inayozunguka na kujiandika juu. Piga picha skrini hiyo uende nayo kwa muuzaji. Kama badala ya upotevu mkubwa umeona makosa machache yaliyotawanyika, jaribu kadi rida nyingine kwanza, kwa sababu rida mbovu nayo huharibu data njiani.

Kwenye Linux au Mac kazi hiyo hiyo inafanywa na f3. Badilisha njia iwe ile ya kadi yako:

```
f3write /media/mimi/KADI
f3read /media/mimi/KADI
```

Amri ya pili inatoa `Data OK` na `Data LOST`. Unachotaka kwenye `LOST` ni sifuri.

Asiye na kompyuta anaweza kupima kwa simu, ingawa si kwa uhakika ule. Chukua video moja ndefu, inakili ndani ya kadi tena na tena mpaka ijae kabisa. Zima simu, toa kadi, irudishe, uwashe. Usiruke hatua hiyo, maana simu hukumbuka ilichoandika karibuni na inaweza kukuonyesha video kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Kisha fungua nakala za mwanzo, za katikati na za mwisho, na uzitazame hadi mwisho wake. Nakala za mwisho zikigoma, data inatupwa. Zikigoma za mwanzo, kadi inajiandika juu.

Ujazo ukithibitika, bado hujapima kasi. H2testw inaonyesha wastani wa kuandika, lakini rida ya USB 2.0 inaikaba kadi yoyote chini ya MB 40 kwa sekunde, na mara nyingi chini zaidi, kwa hiyo usiihukumu V30 kwa rida hiyo. Kipimo bora ni kamera yenyewe: ifomati kadi ndani ya kamera, iweke kwenye umeme, rekodi 4K mfululizo hadi kadi ijae. Baadhi ya kamera hukata kila baada ya karibu dakika 30 kwa utaratibu wake. Hapo unabonyeza tena. Ikikata ovyo na kulalamikia kasi, kadi hiyo haifai kwa kazi, hata kama GB zake zote zipo.

Kadi isiyodanganya lakini inakufa mapema

Kuna kadi za bei ndogo zenye GB zote zilizoandikwa, na bado zinaharibika baada ya muda mfupi. Sababu iko kwenye chipu. Chembe ya kumbukumbu hutunza data kwa chaji ya umeme iliyofungiwa ndani yake, na chipu nyingi za leo hubana biti tatu kwenye chembe moja, kwa hiyo lazima zitofautishe viwango vinane vya chaji. Kila kufuta na kuandika kunachakaza ukuta unaoshikilia chaji hiyo. Chembe zinapochoka, kidhibiti kinazitenga na kuchukua za akiba. Kadi nzuri ina chipu iliyopimwa na akiba ya kutosha. Kadi ya bei ya kutupa inaweza kuwa na chipu iliyokataliwa kiwandani, au iliyong'olewa kwenye kifaa kilichotumika, ambayo akiba yake imeshaliwa kabla haijafika kwako.

Kamera za gari na za ulinzi zinaua kadi haraka kuliko simu, maana zinaandika saa zote, zikifuta za zamani na kuandika upya, tena ndani ya joto la kioo cha gari. Kwa kazi hiyo nunua kadi iliyoandikwa `High Endurance`, na ujazo mkubwa zaidi ya unaouhitaji, ili kila chembe iandikwe mara chache.

Dalili ya kufa ambayo watu hawaitambui ni hii: unafuta picha, zinaondoka, ukitoa kadi na kuirudisha picha zile zile zimerudi. Au unaifomati, inasema tayari, na vitu vyote bado vipo. Kidhibiti kimeona hakiwezi tena kuandika kwa usalama, kimejifunga kibaki cha kusoma tu. Kama ni microSD ndani ya adapta, kwanza angalia kile kiswichi cha pembeni kisiwe kimeshuka kwenye `LOCK`. Kama si hicho, nakili kila kitu siku hiyo hiyo na kadi uitupe. Kuifomati tena hakuifufui.

Kadi nzima nayo inahitaji kulindwa na haraka zetu. Kuichomoa kamera ikiwa bado inaandika, au betri kukata katikati, kunaweza kuharibu orodha ya faili ingawa video zenyewe zipo. Hapo, tofauti na kadi feki, kuna matumaini: acha kurekodi papo hapo, usikubali kompyuta inapokuomba kufomati, na tumia programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, ukihifadhi itakachopata kwenye diski nyingine wala si kwenye kadi hiyo hiyo. Na kila baada ya kazi, ukishanakili sehemu mbili, fomati kadi ndani ya kamera badala ya kufuta klipu moja moja. Kiwango kilichoahidiwa na V30 kinategemea kadi kupata nafasi iliyoungana ya kuandikia, na kadi iliyojaa mapengo ya klipu zilizofutwa inaweza kushuka chini ya hapo hata ikiwa mpya.